Fundi wa pampu, acha kubandika "ahsante": andika kisa cha kazi yako

Leo naongea na mafundi wa pampu za umwagiliaji, hasa ninyi wa hapa Iyunga na barabara nzima ya kwenda Mbalizi. Mkulima naye asome, maana mwisho wa yote hasara huwa ni yake.

Kiangazi kilichopita mkulima mmoja wa eneo langu alinunua pampu ya petroli ya inchi 2. Aliiona kwenye stetasi ya WhatsApp ya fundi. Kulikuwa na picha ya maji yakitoka kwa nguvu mdomoni mwa mpira, na chini yake ujumbe wa mteja: "Ndaga fijo fundi, pampu inatoa maji kama mto. Mungu akubariki." Mkulima wangu akapiga simu, akalipa, akafungiwa. Pampu iliunguruma mchana kutwa na haikutoa hata ndoo moja. Mpaka watu walipokuja kunitafuta, kabichi zake zilikuwa zimeshalala.

Niliposhusha kamba kisimani, kulikuwa na mita 9 kutoka mdomoni mpaka kwenye maji. Pampu ilikuwa imekaa juu, mdomoni mwa kisima. Hapo hakuna fundi wala dua itakayopandisha maji.

Sasa sikiliza jambo linaloniudhi. Yule mteja wa kwanza hakudanganya. Nilimfuatilia, nikakuta anachota kwenye mfereji ulio mita 2 tu chini ya pampu yake. Kwake maji yalitoka kweli kama mto. Fundi naye hakughushi ujumbe. Ushuhuda ulikuwa wa kweli, na bado umemtia mtu hasara, kwa sababu ulieleza furaha ya mteja na haukueleza shamba lake.

Ushuhuda wa namna hiyo unafaa kanisani. Huko anayesikiliza hahitaji kujua kina cha kisima. Anayetaka kununua pampu anahitaji kujua jambo moja: je, shamba la huyu aliyefurahi linafanana na langu? "Ahsante fundi" haijibu swali hilo, hata ukibandika hamsini.

Pampu ni ya duka, kazi ni yako

Mafundi wengi huniambia, "Bwana shamba, wateja wangu wananisifu, mbona sipati kazi kubwa?" Jibu ni kwamba sifa mnazobandika haziwasifu ninyi. Zinasifu pampu. "Pampu nzuri sana." "Pampu haina shida." Pampu ile ile ipo dukani mjini, na mkulima akishaisoma sifa hiyo anakwenda kuinunua mwenyewe, halafu anamwita kijana wa bodaboda amsaidie kuunganisha mipira.

Ulichouza wewe ni pale ulipoamua kuiweka, mpira uliochagua, na ulivyozuia isivute hewa. Hayo hayaonekani kwenye picha ya maji yanayoruka. Tena picha hiyo ni ya kupuuzwa kabisa. Pampu yoyote nzima ukiachia mpira mfupi hapo hapo itarusha maji ya kupendeza. Habari ni kiasi kinachofika shambani, mita 80 mbele na mita 12 juu.

Ndiyo maana nasema acheni kukusanya shuhuda na muanze kuandika visa. Kisa ni maelezo ya nusu ukurasa kuhusu mteja mmoja: alikuwa na shida gani, shamba lake likoje, ulifanya nini na kwa nini, matokeo yalipimwaje, na nini kilisumbua baadaye. Ushuhuda wa mteja unabaki, lakini unakuwa sentensi moja tu ndani yake.

Usichague mteja mwenye maneno matamu

Kosa la kwanza ni kumchagua mteja anayesifu sana. Chagua yule ambaye shida yake inafanana na ya watu wanaokuja kugonga mlango wako. Kama watu sita kati ya kumi wanakuja wakisema "pampu ninayo ila inapoteza maji kila mara", basi kisa chako cha kwanza kiwe cha mtu wa aina hiyo, hata kama yeye ni mkimya na ujumbe wake ulikuwa "Sawa fundi, imepona."

Kosa la pili ni kuomba neno siku ile ile ya kufunga. Siku hiyo kila mtu ana furaha. Maji yametoka, watoto wanacheza, kuku amechinjwa. Subiri wiki 6 hivi za kumwagilia. Kichujio kitakuwa kimeshaziba mara moja, mpira utakuwa umeshalegea kwenye kifungio, na mteja atakuwa ameshajua pampu inakula petroli kiasi gani. Hapo ndipo ana la kusema.

Kosa la tatu ni swali lenyewe. Ukimuuliza mtu wa huku "Umeridhika, mama?" atakujibu "Nimeridhika, mwanangu." Ni adabu, haina maana nyingine. Uliza mambo ambayo yeye peke yake ndiye anayeyajua, na ambayo jibu lake ni saa, lita au siku.

Mwaka huu nilikaa na fundi mmoja kijana alipokuwa anampigia mteja wake, mama mwenye nusu ekari ya kabichi na karoti. Mwanzoni aliuliza swali lake la siku zote, akapata "Mungu akubariki." Nikamwomba aulize tena kwa namna nyingine.

"Shikamoo tena, mama. Kabla sijaja, ukimwagilia matuta yote, ulikuwa unaanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi?"

"Marahaba. Tulikuwa tunaanza saa moja asubuhi, mimi na mjukuu wangu, tunamaliza saa saba mchana. Na hapo pampu imekata maji mara tatu, nne."

"Na petroli?"

"Lile dumu la lita tano linaisha lote."

"Na sasa hivi, mama?"

"Sasa saa tatu tumeshamaliza. Mjukuu anakwenda shule."

"Petroli je?"

"Lita mbili. Wakati mwingine inabaki kidogo."

"Nini kimekusumbua tangu niondoke?"

Hapo mama akanyamaza kidogo, kisha akasema wiki ya tatu pampu iligoma, kumbe majani na matope vimeingia kwenye futi valvu, na fundi alirudi kuweka kichujio. Yule kijana alitaka kukata hapo. Nikamwambia hapana, hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Ona tofauti. Dakika nne za simu zimetoa saa 6 dhidi ya saa 2, lita 5 dhidi ya lita 2, na mtoto aliyerudi shule. Kwenye stetasi yake alikuwa ameandika "Mteja mwingine mwenye furaha!"

Nenda ukapime

Maneno ya mteja ni nusu ya kisa. Nusu nyingine uipime mwenyewe, na vifaa ni rahisi: kamba yenye jiwe, futi ya kupimia, pipa la lita 200 na saa ya simu.

Pima kwanza kimo kutoka usawa wa maji mpaka pampu ilipokaa. Hiki ndicho kilichomwangusha mkulima wangu wa kabichi. Pampu ya juu haivuti maji kama watu wanavyodhani. Inaondoa hewa kwenye mpira, halafu uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani, hewa hiyo ina nguvu ya kuinua maji karibu mita 10 kwa hesabu ya darasani. Sisi Mbeya tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na hesabu hiyo hiyo inashuka mpaka mita 8 na kidogo. Toa msuguano wa mpira, toa kuvuja kidogo kwenye viungio, na mimi nawashauri watu wa huku wasizidi mita 5. Injini nayo inapoteza nguvu kwa hewa nyepesi, kama asilimia 1 kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo kisa cha pampu iliyofungwa pwani, au hata kule chini Usangu, hakimfai mtu wa Iyunga mpaka umemwambia mwinuko.

Kisha pima kiasi cha maji, shambani na si mtoni. Weka pipa pale mpira unapoishia, jaza, hesabu sekunde. Pipa la lita 200 likijaa kwa sekunde 50, umepata lita 4 kwa sekunde. Rudia mara tatu, andika ya katikati.

Pima pia kimo cha kutoka majini mpaka shambani, na urefu na kipenyo cha bomba. Ukiwa na namba hizi, mkulima yeyote anaweza kusimama shambani kwake na kujilinganisha.

Jambo moja la kujuta: yule fundi kijana hakupima pipa kabla ya kubomoa mfumo wa zamani. Kwa hiyo hatujui pampu ya mama ilikuwa inatoa lita ngapi kabla. Alitaka kukadiria ili aandike "maji yameongezeka mara tatu." Nilimkatalia. Tulichonacho cha kabla ni saa na petroli kwa maneno ya mama, na ndicho kitakachoandikwa. Siku nyingine, pipa liwe la kwanza kushuka kwenye pikipiki, kabla ya spana.

Usiibebe pampu mzigo usio wake

Mama yule alisema pia kwamba safari hii amevuna kuliko mwaka jana. Fundi alishaanza kuandika "Mavuno yameongezeka kwa sababu ya..." Nikamuuliza: mbegu ni ile ile? Hapana, amebadilisha. Mbolea? Mwaka huu ameweka zaidi. Basi mavuno hayo ni ya mbegu, mbolea, maji na mikono ya mama kwa pamoja, na fundi wa pampu hana haki ya kuyachukua yote. Muda na petroli ni vyake, kwa sababu matuta ni yale yale 14, shamba lile lile, na kilichobadilika kati ya dumu la lita 5 na lita 2 ni kazi yake. Adai hapo tu. Mkulima mzoefu akisoma dai la mavuno anacheka, na akishacheka haamini tena hata namba zako za kweli.

Kuna sheria pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kibiashara. Lakini mimi sina haja ya kukutisha kwa sheria. Mtu aliyepoteza shamba la kabichi kwa tangazo lako atakutangaza mwenyewe, minadani kote.

Usimchongee mteja wako

Hili mafundi hawalifikirii kabisa. Picha ya shamba ni ushahidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kutumia maji ya mto kwa umwagiliaji nako kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Kwa sehemu yetu ni Bonde la Ziwa Rukwa, na ukivuka kwenda Usangu ni Bonde la Rufiji. Wewe unapiga picha ya kabichi zimegusa mto, unaandika jina la mama, kitongoji na namba ya simu, unairusha kwa watu mia tatu. Umemsifu au umemshtaki?

Kwa hiyo kabla ya kuandika, uliza kibali cha maji kipo au anatumia maji kupitia kikundi, na tazama umbali. Kama mambo hayajakaa sawa, mshauri ayarekebishe kwanza, na kisa kiandike cha mteja mwingine.

Na omba ruhusa. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na jina, sauti na picha ya mtu ni taarifa zake. Msomee mteja kisa chote, neno kwa neno, kwa simu ikibidi, kisha akutumie ujumbe wa kukubali, nawe uutunze. Akisema jina lisitokee, andika "mkulima wa kabichi, Iyunga." Kisa hakipungui kitu, kwa sababu kinachoshawishi ni vimo na lita.

Kisa chenyewe

Hiki hapa ndicho tulichoandika baada ya mama kusomewa na kukubali bila jina. Kinatosha ukurasa mmoja, na kinasomeka kwenye simu:

"Pampu iliyokuwa inakata maji, nusu ekari, Iyunga. Mteja alikuwa na pampu yake ya petroli ya inchi 2, imekaa juu ya ukingo, mita 7 kutoka kwenye maji. Bomba la kwenda shambani lilikuwa la inchi 1 na robo. Kumwagilia matuta 14 kulichukua saa 6 na lita 5 za petroli, na pampu ilikata maji mara tatu au nne kwa siku.

Pampu ilikuwa nzima, kwa hiyo hatukuuza mpya. Tuliishusha kwenye kingo ya chini, mita 2.5 kutoka kwenye maji, tukaweka mpira mgumu wa kunyonya wa mita 5 wenye futi valvu, na bomba la inchi 2 la mita 80 mpaka shambani. Shamba lipo mita 12 juu ya maji.

Baada ya wiki 6: pipa la lita 200 linajaa kwa sekunde 50 likiwa shambani. Matuta yale yale yanamwagiliwa kwa saa 2 na lita 2. Mteja anasema: 'Saa tatu tumeshamaliza. Mjukuu anakwenda shule.'

Kilichosumbua: wiki ya tatu futi valvu iliziba kwa majani. Tulirudi tukaizungushia kichujio cha wavu, bila malipo. Sasa wavu unasafishwa kila wiki.

Haitafaa kwako kama: maji yako yapo zaidi ya mita 5 chini ya mahali pa kuweka pampu, au kisima ni chembamba huwezi kuishusha. Hapo unahitaji pampu ya kuzama. Pia pampu ya kingo ya chini lazima ipandishwe juu kabla ya mvua za Novemba, mto usije ukaichukua."

Bei sijaiweka hapa kwa kuwa vifaa vinapanda na kushuka. Wewe iweke, pamoja na tarehe. Kwa petroli usiandike shilingi, andika lita. Lita 3 zilizookolewa, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 10 za kumwagilia, ni lita 60. Mkulima atazidisha mwenyewe kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huo, na hesabu aliyoifanya mwenyewe ataiamini kuliko yako.

Fundi mmoja aliposoma aya ya "Haitafaa kwako" aliniambia, "Bwana shamba, unanifukuzia wateja." Ndiyo, nakufukuzia. Nakufukuzia yule wa kisima cha mita 9, ambaye ungemfungia pampu, ikagoma, ukarudi mara nne kwa nauli yako, ukarudisha hela nusu na jina ukaliacha huko. Aya hiyo ingekuwepo kwenye ile stetasi ya mwaka jana, mkulima wangu angeshusha kamba kisimani kabla ya kushusha hela mfukoni.

Mwisho, kuna ombi ninaloletewa kila mwezi: "Tuandikie basi kwamba imethibitishwa na afisa kilimo." Siandiki. Mimi nalipwa na serikali nimshauri mkulima, na mkulima huyo huyo kesho atakuja kuniuliza achukue fundi gani. Nikishaweka sahihi kwenye tangazo lako, sina tena ushauri wa kumpa. Nitakachofanya ni kuja na kamba na pipa, tupime pamoja, mteja akiwepo. Ofisi yangu mnaijua. Njooni asubuhi, kabla sijaenda shambani.